Benki Inapouliza: Pesa Hizi Zimetoka Wapi?

Mfugaji mmoja wa pande za Bamba ameuza ng'ombe madume 19 katika soko la Mariakani. Ameuza kwa siku mbili za soko, wiki mbili mbali, na pesa za mara ya kwanza alizificha nyumbani zikisubiri za pili. Jumatatu asubuhi anaingia benki na mfuko wenye shilingi milioni moja na laki sita. Siku ya Ijumaa anatakiwa kulipia gari la mizigo la mitumba, na mwenye gari amesema wazi kwamba siku hiyo ikipita atamuuzia mwingine.

Keshia anauangalia mfuko, kisha anaiangalia akaunti kwenye kompyuta.

"Mzee wangu, hizi ni pesa za nini?"

"Za ng'ombe, mwanangu. Nimeuza ng'ombe."

"Na zote ni zako?"

Hapo mzee anasita kidogo. Kusita huko kuna sababu yake, na itaelezwa mbele. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya maelezo tu, lakini mambo yaliyomo ni yale yanayowakuta wafugaji, wauzaji wa mashamba, wafanyabiashara wa samaki na wenye vyama vya akiba kila mwezi. Wengi wao hutoka benki wakiwa na hasira, wakiamini wameitwa wezi.

Kwa nini keshia anauliza

Noti haina jina. Noti ya elfu moja iliyotokana na ng'ombe na noti ya elfu moja iliyotokana na dawa za kulevya, pembe za ndovu au zabuni ya wizi ni sawa kabisa zikiwa mfukoni. Tofauti huanza pale pesa zinapoingia kwenye akaunti. Zikishaingia zinapata historia: zinaweza kutumwa, kununua ardhi, kulipa karo, na kila zinapofika zinaonekana zimetoka benki. Kwa hiyo mtu mwenye pesa chafu hutafuta sana mlango huo wa kwanza, yaani kaunta ya kuweka pesa taslimu. Hiyo ndiyo maana ya utakatishaji wa fedha, na ndiyo sababu maswali mengi huulizwa pesa zinapoingia.

Sheria ya Kenya inayohusu jambo hili ilipitishwa mwaka 2009, na imerekebishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Inazitaka benki kumjua mteja, kujua kazi yake, na kuelewa kama pesa anazoleta zinalingana na kazi hiyo. Benki isiyouliza ndiyo inayovunja sheria, na inaweza kutozwa faini kubwa. Mwezi Februari 2024 Kenya iliwekwa kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na shirika la kimataifa linalosimamia vita dhidi ya utakatishaji wa fedha. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, benki za nje huchunguza zaidi pesa zinazotoka na kuingia kwake, na benki za hapa nazo zina sababu ya kukaza maswali.

Kuna viwango viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni shilingi milioni moja. Kwa kawaida, mteja anayeweka au kutoa taslimu milioni moja au zaidi hupewa fomu ya kujaza. Fomu huuliza pesa zimetoka wapi, ni za kazi gani, nani atakayefaidika nazo, na kwa nini zimeletwa taslimu badala ya kutumwa kutoka akaunti hadi akaunti. Cha pili ni dola 15,000 za Marekani au kiasi kinacholingana nazo. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hiyo ni takriban shilingi milioni 1.9. Taslimu ikifika kiwango hicho, benki hutuma taarifa kwa Kituo cha Taarifa za Fedha, taasisi ya serikali inayojulikana kwa herufi FRC. Taarifa hiyo hutumwa hata kama mteja ni askofu na karatasi zake zote ziko sawa. Si mashtaka wala si alama mbaya kwenye jina la mtu.

Taarifa ya shaka ni jambo jingine. Hiyo haina kiwango. Benki ikiona muamala usioeleweka, uwe wa milioni kumi au wa shilingi elfu themanini, inatakiwa kuripoti, na mfanyakazi wa benki amekatazwa na sheria kumwambia mteja kwamba ameripotiwa. Kwa hiyo kumbana keshia aseme "kama mmenipeleka kwa serikali" ni kumuomba avunje sheria.

Katika mfano wa mfugaji wetu, kulikuwa na jambo jingine lililomshtua keshia mbali na ukubwa wa pesa. Akaunti ilifunguliwa miaka sita iliyopita. Kwenye fomu ya kufungulia, mzee aliandika kwamba ni mkulima mdogo na kwamba mapato yake ni kama shilingi 30,000 kwa mwezi. Tangu siku hiyo hajawahi kuweka zaidi ya 85,000 kwa mara moja. Mashine haijui kwamba miaka hiyo sita alikuwa akikuza mifugo. Inachoona ni akaunti ya elfu thelathini inayoletewa milioni na nusu. Angepita benki mapema na kubadilisha maelezo yake, aandike kwamba ni mfugaji anayeuza kundi la ng'ombe kila baada ya muda fulani, swali lingekuwa jepesi zaidi. Kubadilisha maelezo hayo ni jambo la kawaida kwenye tawi lolote.

Karatasi zinazaliwa sokoni

Kosa kubwa la watu wengi ni kuanza kutafuta karatasi baada ya kuulizwa. Wakati huo mnunuzi ameshasafirisha ng'ombe, simu yake haishiki, na shahidi hakumbuki bei. Karatasi yenye nguvu ni ile iliyoandikwa siku ile ile pesa zilipopokelewa.

Kwa bahati nzuri, mtu anayeuza mifugo katika soko la kaunti huwa tayari ana nusu ya ushahidi mkononi bila kujua. Kuna kibali cha kusafirisha mifugo kinachotolewa na ofisi ya mifugo, ambacho huonyesha idadi ya wanyama, walikotoka na wanakokwenda. Kuna risiti ya ushuru wa soko, yenye tarehe, nambari na idadi ya wanyama waliolipiwa. Wengi huitupa risiti hiyo getini mara tu wanapotoka, wakidhani kazi yake ni kumwonyesha askari wa kaunti tu. Kwa afisa wa benki, karatasi hiyo ndogo ina uzito kwa sababu imetolewa na mtu wa tatu asiye na faida yoyote katika mauzo, na nambari yake inaweza kuhakikishwa katika ofisi ya mapato.

Lakini risiti ya ushuru ina upungufu mmoja: inaonyesha ng'ombe wangapi walilipiwa ushuru, haionyeshi waliuzwa kwa bei gani wala kwa nani. Pengo hilo huzibwa na maandishi ya mauzo. Si lazima yaandikwe na wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukiwa na maneno kama haya:

"Mimi (jina), mwenye kitambulisho nambari (…), wa kijiji cha (…), nimemuuzia (jina la mnunuzi), mwenye kitambulisho nambari (…) na simu nambari (…), ng'ombe madume 11 kwa bei ya shilingi 74,000 kila mmoja. Jumla ni shilingi 814,000, ambazo nimelipwa zote taslimu leo tarehe (…) katika soko la Mariakani."

Chini yake muuzaji, mnunuzi na shahidi mmoja waweke sahihi au alama ya kidole gumba. Mnunuzi anayefanya biashara ya halali hatakataa kutoa kitambulisho, kwa sababu yeye pia anaihitaji karatasi hiyo njiani. Anayekataa jina lake lisiandikwe kabisa, ilhali anatoa laki nane taslimu, anamwachia muuzaji mzigo wa kuzieleza pesa hizo peke yake.

Barua ya chifu nayo huombwa mara nyingi. Inasaidia kuthibitisha kwamba mtu anajulikana kijijini na kwamba kweli ni mfugaji. Haithibitishi mauzo, kwa kuwa chifu hakuwepo sokoni. Anayeleta barua ya chifu peke yake asishangae akiulizwa karatasi nyingine.

Ni kweli kwamba njia rahisi kuliko zote ni mnunuzi kulipa kutoka benki hadi benki, kwani hapo historia inajiandika yenyewe. Sokoni mambo si mepesi hivyo. Wachuuzi wengi hulipa taslimu, na M-Pesa hairuhusu kutuma zaidi ya shilingi 250,000 kwa mara moja wala zaidi ya 500,000 kwa siku. Hata hivyo, kulipwa sehemu kwa simu ni bora kuliko kutolipwa chochote kwa simu. Ujumbe mmoja wa laki mbili na nusu kutoka kwa mnunuzi yule yule aliyeandikwa kwenye karatasi ya mauzo huipa nguvu karatasi nzima.

Hesabu inayokubali kusomwa

Mzee wa Bamba alikuwa na karatasi zote mbili za mauzo, risiti zote mbili za ushuru na vibali. Mara ya kwanza aliuza madume 11 kwa 74,000 kila mmoja, jumla 814,000. Mara ya pili bei ilishuka, akauza 8 kwa 68,000, jumla 544,000. Mauzo yote ni shilingi 1,358,000.

Mtu yeyote mwenye biashara anajua kwamba kiasi anachofikisha benki si kile alichouza. Dalali alichukua 1,000 kwa kila ng'ombe, yaani 19,000. Lori lilichukua 42,000 kwa safari mbili. Ushuru, malisho na posho ya wachungaji vilikula 17,000. Jumla ya matumizi ni 78,000. Kilichobaki ni shilingi 1,280,000.

Hesabu hii ya mistari mitano ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Afisa wa benki anapopewa karatasi za mauzo za 1,358,000 na pesa za kiasi kingine kabisa, kazi yake inakuwa kubahatisha. Anapopewa hesabu inayoonyesha tofauti imekwenda wapi, anaweza kuifuata kwa kidole hadi mwisho. Inafaa pia kuandika sentensi moja inayoeleza pesa zilikaa wapi baina ya soko na benki: "Za tarehe ya kwanza nilikaa nazo nyumbani wiki mbili nikisubiri mauzo ya pili." Wiki mbili bila maelezo ni shimo kwenye hadithi, ingawa jibu lake ni la kawaida kabisa.

Sasa turudi kwenye kusita kwa mzee. Mfukoni hamkuwa na 1,280,000. Mlikuwa na 1,600,000. Zile 320,000 za ziada ni za dalali, ambaye Jumapili jioni alimwambia, "Kaka, kwa kuwa wewe unaenda benki, niwekee na hizi zangu. Ukishanunua gari utanitumia kidogo kidogo. Nitakupa elfu kumi ya chai."

Afisa aliyeitwa na keshia alizisoma karatasi zote, akapiga hesabu mara mbili.

"Sisemi umeiba, baba. Karatasi zako zinaishia milioni moja laki mbili na themanini elfu. Hizi laki tatu na ishirini hazina mwenyewe hapa."

Huenda pesa za dalali ni za halali kabisa. Shida ni kwamba mzee hajui, na fomu inamuuliza mwenye pesa ni nani. Akiandika kwamba zote ni zake, ametoa maelezo ya uongo kwa benki, jambo ambalo kisheria ni kosa. Akinyamaza, zile 320,000 zinaziambukiza shaka zile nyingine ambazo zina karatasi safi. Na ikiwa baadaye dalali atapatikana na kesi, akaunti itakayoonekana kupokea pesa na kuzirudisha kidogo kidogo ni ya mzee. Kumwazima mtu akaunti ndiyo njia inayowaingiza watu wema kwenye kesi za utakatishaji, na mara nyingi kwa chai ya elfu kumi. Aliporudishiwa zile 320,000 akampelekee mwenyewe, mzee alikuwa amefanyiwa hisani.

Ushauri wa jirani

Wapo majirani ambao wangemshauri mzee njia nyingine: asiende benki kabisa na mfuko mzima. Aweke 90,000 leo kwa wakala wa Mariakani, 95,000 kesho kwa wakala wa Mazeras, na kuendelea hivyo kwa majuma mawili, asiulizwe na mtu.

Ushauri huu ni mbaya kwa namna mbili. Kwanza, Ijumaa ingempita, na gari lingekwenda. Pili, kugawanya pesa ili kukwepa kiwango ni mojawapo ya dalili ambazo mifumo ya benki imewekwa kuzitafuta. Mashine haichoki kujumlisha. Ikiona akaunti iliyokuwa kimya inapokea viasi vinavyofanana, vyote chini kidogo ya laki, kutoka kwa mawakala tofauti siku kwa siku, inainua bendera. Hapo mtu mwenye ng'ombe wa halali anaripotiwa kwa shaka, kwa kosa la kuonekana anaficha kitu ambacho hakikuwa na haja ya kufichwa. Milioni moja na zaidi yenye karatasi ni salama kuliko laki kumi na nne zilizotawanywa bila karatasi.

Kuweka pesa kidogo kidogo kwa sababu ndivyo zinavyopatikana, kama mwenye duka anayepeleka mauzo ya kila siku, si kosa. Kinachotazamwa ni kama mtindo huo unalingana na kazi ya mtu.

Ng'ombe wakiwa si ng'ombe

Kanuni haibadiliki kwa pesa za namna nyingine, ila karatasi hubadilika. Aliyeuza shamba alete mkataba wa mauzo, nakala ya hatimiliki na, kwa ardhi ya kilimo, idhini ya bodi ya ardhi. Kwa kuwa ardhi ni pesa nyingi, ni heri kukataa taslimu na kumtaka mnunuzi alipe kupitia benki au kwa wakili. Mweka hazina wa chama alete nakala ya kumbukumbu za mkutano ulioamua pesa ziwekwe, na orodha ya wanachama na kiasi cha kila mmoja. Mchango wa matanga au wa hospitali uwe na daftari la majina, na aliyeshika daftari aambatane na mwenye akaunti. Pesa zilizotoka kwa ndugu aliye Ghuba zina risiti za kampuni iliyozituma. Zikikusanywa miezi minane ndipo zipelekwe benki, risiti zote nane ziende pamoja.

Zipo pia hali ambazo karatasi haikuandikwa, na pesa zimekwisha kupokelewa. Jambo la kwanza hapo ni kutotunga. Karatasi ya mauzo iliyoandikwa leo kwa tarehe ya mwezi uliopita hugongana na risiti ya ushuru, au wino unaonekana mpya, au mnunuzi akipigiwa simu anataja bei nyingine. Mnunuzi atafutwe, na waandike karatasi yenye tarehe ya leo inayosema kwamba tarehe fulani waliuziana kitu fulani kwa bei fulani. Karatasi iliyochelewa lakini ya kweli hukubalika mara nyingi. Iliyorudishwa nyuma tarehe inaweza kugeuka kuwa kesi yenyewe.

Benki ikikataa pesa licha ya karatasi, mteja ana haki ya kuuliza ni karatasi gani inayopungua na kutaka kumwona meneja wa tawi. Asiporidhika, malalamiko huandikwa kwa makao makuu ya benki, na baadaye kwa Benki Kuu ya Kenya. Lalamiko lenye tarehe, jina la tawi na nakala za karatasi zilizowasilishwa hushughulikiwa kwa urahisi kuliko simulizi ya mdomo.

Jambo la mwisho ni dogo, na limewaponza wengi. Risiti nyingi za siku hizi huchapishwa kwenye karatasi laini isiyotumia wino, na kwenye joto la pwani maandishi yake hufifia ndani ya miezi michache hadi karatasi ikabaki nyeupe. Risiti ya ushuru itolewe fotokopi au ipigwe picha siku hiyo hiyo, na nakala ibanwe pamoja na karatasi ya mauzo. Benki inatakiwa kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua saba, na swali kuhusu pesa za leo linaweza kuja ng'ombe wakiwa wameshasahaulika. Mzee wa Bamba aliondoka benki siku hiyo na stakabadhi ya shilingi 1,280,000, fomu yake ikiwa na muhuri, na zile 320,000 zikiwa zimefungwa peke yake kwenye mfuko wa nailoni, akimtafuta dalali wake kwa simu.